Sebule ya mita 4.95 kwa 3.75: maboksi 15 ya vigae yanatosha, au fundi ana haki ya kudai 17?

Mjenzi_Mpya

Habari zenu wanajukwaa. Naomba mnisaidie kwa hesabu, kwa sababu mimi na fundi wangu tumeshindwa kuelewana na kila mmoja anaona mwenzake anatafuta faida.

Sebule yangu ina urefu wa mita 4.95 na upana wa mita 3.75, yaani mita za mraba 18.56. Nimechagua vigae vya poselini vya sentimita 60 kwa 60, ambavyo huja vinne katika boksi, hivyo boksi moja ni mita za mraba 1.44. Niliongeza asilimia 10 ya upotevu wa kukata, nikapata mita za mraba 20.4, nikanunua maboksi 15, ambayo ni vigae 60. Fundi alipopima chumba akasema vigae hivyo havitoshi, kwamba anahitaji 63 bila kuhesabu vitakavyovunjika, na kwamba ningenunua maboksi 17. Juu ya hayo anataka malipo yake ya kila mita ya mraba yahesabiwe kwa vigae nitakavyonunua, wala si kwa ukubwa wa sakafu.

Aliyeniuzia amenishauri pia mifuko minne ya gundi ya kilo 20 na grauti kilo 10. Je, hesabu ya nani ndiyo sahihi? Mlango uko kwenye ukuta mfupi, na sofa ndefu itakaa kwenye ukuta mfupi wa pili, unaoutazama mlango.

Kipimo_Sawa

Ndugu, asilimia 10 ni kipimo kinachotumika siku zote kwa vigae vinavyopangwa wima na mlalo, na asilimia 15 kwa vinavyopangwa mshazari. Vigae 51 na nusu ndivyo vinavyofunika sakafu yako, nawe unavyo 60, kwa hiyo una ziada ya vigae vinane na nusu. Fundi anayedai 63 anataka kuondoka na maboksi mawili mkononi. Usikubali.

Nyumba_Kongwe

Mimi nisingebandika kigae kipya juu ya kigae cha zamani, maana mlango utakwama na sakafu itapanda. Ng'oa kwanza vya zamani ndipo upange hesabu.

Mjenzi_Mpya

Ahsante mkuu, ila sakafu yangu ni ya saruji tupu, haijawahi kuwekewa vigae.

Mkadiriaji

Ndugu Mjenzi, fundi wako hakukosea kuhesabu, na wewe pia hukukosea. Kilichowatenganisha ni mpangilio, ambao hakuna kati yenu aliyeutaja. Asilimia 10 ni makisio ya mtu ambaye hajaona chumba. Ukishakuwa na vipimo vya chumba na vya kigae, makisio hayo yanawekwa kando na vigae vinahesabiwa kimoja kimoja kwenye karatasi.

Chukua urefu wa mita 4.95. Ukiacha mfereji wa milimita 3 kati ya vigae na nafasi ya milimita 8 hivi kila ukutani, vigae vizima vinane vinaingia na kubakiza pengo la sentimita 11. Upana wa mita 3.75 nao unapokea vizima sita na kubakiza pengo kama hilohilo, sentimita 11 na ushee. Fundi mwenye jicho hapendi kipande chembamba hivyo kwenye ukuta unaoonekana, kwa hiyo huondoa kigae kimoja kizima kila upande na kugawa nafasi iliyobaki mara mbili: urefu unakuwa na vizima saba katikati na kipande cha karibu sentimita 36 kila mwisho, upana unakuwa na vizima vitano na vipande viwili vya karibu sentimita 36. Chumba kinapendeza, lakini angalia gharama yake. Kipande cha 36 kinakula kigae kizima, kwa sababu kinachobaki ni 24, na 24 haiwezi kuwa 36 ya upande wa pili. Hivyo kila safu inakula vigae tisa, na safu ni saba. Tisa mara saba ni 63. Hapo ndipo fundi wako alipoitoa namba yake, na upotevu wake ni zaidi ya asilimia 20 ya sakafu.

Chumba chako kimeangukia kipimo kibaya tu. Kama kingekuwa na urefu wa mita 5.40, vigae vingeingia karibu vizima na upotevu wa upande huo ungekuwa mdogo sana.

Kipimo_Sawa

Nakubali hesabu, lakini nani kasema ni lazima kugawa katikati? Aanze na kigae kizima kwenye kona ya mlango, na vile vipande vya sentimita 11 vimalizikie kwenye kuta mbili za mbali. Vizima ni nane mara sita, yaani 48. Vipande vyembamba ni 14 pamoja na kile kidogo cha kona, na kigae kimoja cha sentimita 60 kinatoa vipande vitano vya 11. Vigae vitatu vinamaliza kazi. Jumla 51 au 52.

Mwiko_wa_Meno

Mimi ni fundi, na naomba nimrekebishe ndugu Kipimo kwa heshima. Kwenye karatasi kigae kinatoa vipande vitano, ila sakafuni kinatoa viwili. Ukingo wa kigae uliotoka kiwandani umenyooka na umelainishwa, na huo ndio unaotakiwa kukaa kwenye mfereji, ukitazamana na kigae jirani. Ukingo uliokatwa kwa grinda una vijino vya kumeguka, kwa hiyo unageuzwa upande wa ukuta ili skatingi iufiche. Kigae kina kingo mbili tu zinazotazamana, basi ukikata kipande kimoja kushoto na kimoja kulia, kile cha katikati kina mkato pande zote mbili. Unaweza kukisugua kwa jiwe la kunolea kikakubalika, lakini mwenye nyumba akiinama ataona tofauti, na atakayelaumiwa ni mimi.

Kwa hiyo vipande 14 ni vigae saba, na cha kona ni cha nane. Arobaini na nane na nane ni 56.

Mkadiriaji

Fundi kasema kweli tupu. Hata kwa 56, maboksi 15 yanatosha kwa mpangilio wa Kipimo_Sawa na hayatoshi kwa mpangilio wa fundi wa Mjenzi. Kabla ya kuchagua, ningependa kujua kama chumba kiko mraba. Mjenzi, tafadhali pima kutoka kona hadi kona, mishazari yote miwili, kisha pima upana kwenye kuta zote mbili fupi na urefu kwenye kuta zote mbili ndefu. Chumba cha vipimo vyako kikiwa sawasawa, kila mshazari unatakiwa kuwa mita 6.21.

Mjenzi_Mpya

Nimepima kwa kusaidiwa na kijana wangu. Mshazari mmoja ni mita 6.22 na wa pili ni 6.19. Upana ni 3.75 mwanzo na mwisho, na urefu ni 4.95 pande zote mbili.

Mkadiriaji

Basi kuta zako zinakwenda sambamba mbili mbili, ila chumba kizima kimelala upande kidogo. Tofauti hiyo ya sentimita 3 kwenye mishazari ina maana kwamba ukipiga mstari wa pembe kamili kutoka ukuta wa mlango, ukuta mrefu utaukimbia mstari huo kwa sentimita 2 na nusu hivi kufikia mwisho wa chumba.

Hapa mpangilio wa Kipimo_Sawa unapata shida. Vile vipande vya sentimita 11 vya kando ya ukuta mrefu vitaanza na 12 na ushee upande mmoja na kumalizikia 10 upande mwingine, na jicho la mtu aliyesimama mlangoni linafuata ukuta huo moja kwa moja. Kipande cha sentimita 36 kikipungua kwa kiasi hichohicho hakuna atakayegundua.

Kuna njia ya tatu. Upana ugawe katikati, vizima vitano na vipande vya 36 kushoto na kulia, ili upotofu wote uangukie kwenye vipande hivyo vipana. Urefu usiugawe: anza na kigae kizima mlangoni, mstari wako ukiwa sambamba na ukuta wa mlango, na ukanda wa sentimita 11 umalizikie nyuma ya sofa. Kwa kuwa ukuta wa sofa uko sambamba na ule wa mlango, ukanda huo utakuwa na upana uleule mwanzo hadi mwisho.

Sasa hesabu. Vizima ni vitano mara nane, yaani 40. Vipande vya 36 ni vinane kila upande, jumla 16, na kila kimoja kinakula kigae chake. Hapo tuna 56. Ule ukanda wa nyuma ya sofa haukuli kigae kipya hata kimoja, kwa sababu unatoka kwenye masalio ya sentimita 24 yaliyokatwa pembeni, ambayo kila moja bado lina ukingo mmoja wa kiwandani. Yako masalio 16, na ukanda unahitaji saba: matano ya urefu kamili na mawili ya kona.

Mama_Sebule

Naona mnazungumzia nafasi ya ukutani kama jambo dogo. Kwangu vigae vilibanwa hadi kwenye plasta pande zote, na fundi akajaza grauti ukutani. Baada ya muda vilianza kulia kama ngoma vikikanyagwa, halafu siku ya joto kali mstari mzima wa katikati ukanyanyuka kama paa la hema, vigae viwili vikapasuka. Tulipovitoa, gundi ilikuwa mabonge matano nyuma ya kila kigae, moja katikati na manne pembeni. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba sikuwa na ziada, na vya kununua upya havikufanana rangi.

Mwiko_wa_Meno

Pole sana dada. Hizo ni kasoro mbili zilizokutana. Vigae vinatanuka kidogo, saruji nayo inajikunja inapoendelea kukauka, na kama hakuna nafasi pembeni basi vinasukumana hadi vile vilivyoshika vibaya viinuke. Ile milimita 8 ya ukutani isijazwe grauti wala gundi, iachwe wazi, na skatingi iifunike. Skatingi yenyewe ishikane na ukuta, isishikane na sakafu.

Mabonge nayo ni tabia mbaya ya watu wanaotaka kusawazisha sakafu kwa gundi. Kati ya bonge na bonge kuna hewa, na hapo ndipo kigae kinapolia na kupasuka kitu kizito kikianguka. Gundi ipakwe sakafuni kwa mwiko wa meno ya milimita 10, mistari yote ielekee upande mmoja, na nyuma ya kigae ipakwe nyingine nyembamba kwa upande bapa wa mwiko. Kigae cha kwanza nikishakigonga kwa nyundo ya mpira, nakinyanyua tena. Nikiona mistari bado imesimama nyuma yake, najua gundi ni kidogo au imeanza kuota ngozi. Inatakiwa iwe imelala yote, nyuma ya kigae pawe pamejaa hadi kwenye pembe.

Mjenzi_Mpya

Kwa upakaji huo, mifuko minne itatosha kweli? Muuzaji alisema mfuko mmoja unafunika mita tano za mraba.

Mkadiriaji

Mita tano kwa mfuko wa kilo 20 ni kilo 4 kwa kila mita ya mraba, kiasi kinachofaa vigae vidogo na mwiko wa meno mafupi. Kwa kigae cha 60 kilichopakwa pande zote mbili, kadiria kilo 5 hadi 6. Kwa kilo 6, sakafu yako inataka kilo 111, yaani mifuko sita ukikamilisha. Gundi ya unga hutumia takriban kilo 1.4 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene, kwa hiyo kinachoamua hesabu yako ni usawa wa sakafu. Weka rula ya aluminiamu ya mita 2 sakafuni, uisogeze pande zote, na uangalie mwanga unaopita chini yake.

Mjenzi_Mpya

Nimefanya hivyo. Sehemu kubwa iko sawa, ila katikati kuna bonde la kama mita 6 za mraba, lenye kina cha milimita 5 pale linapozama zaidi.

Mkadiriaji

Wastani wa bonde hilo tuseme ni milimita 3. Mita 6 mara 3 mara 1.4 ni kilo 25, ambao ni mfuko mzima na robo wa gundi unaozikwa kwenye shimo. Lijazwe mapema kwa mchanganyiko wa kusawazishia sakafu, liachwe likauke kama maelezo ya mfuko wake yanavyotaka, kisha mifuko yako sita itatosha. Ukiliacha, nunua minane, na hata hivyo fundi atahangaika kupata usawa kwa sababu gundi nene hushuka inapokauka.

Kuhusu grauti umeuziwa nyingi mno. Vigae vikubwa vina mifereji michache. Kwa kigae cha 60 chenye unene wa milimita 10 na mfereji wa milimita 3, mita moja ya mraba inakula kama gramu 160. Sakafu yako yote ni kilo 3. Weka kilo 5 ili kuwe na ya kumwagika na ya skatingi, na zote ziwe za toleo moja ili rangi isitofautiane. Zile kilo 10 zingekaribia kufaa kama vigae vingekuwa vidogo na mifereji mipana zaidi.

Mwiko_wa_Meno

Naongeza kwamba gundi iliyopanda kwenye mfereji iondolewe ikiwa bado mbichi. Ikikaukia humo, grauti inakaa juu kama ngozi nyembamba na itabanduka. Na grauti isipakwe siku ileile.

Kipimo_Sawa

Tumesahau malipo. Fundi anataka kulipwa kwa vigae vilivyonunuliwa. Maboksi 17 ni mita za mraba 24.48, na sakafu ni 18.56. Hiyo ni karibu mita 6 za mraba ambazo hazipo duniani, theluthi moja ya ziada juu ya kazi halisi.

Mkadiriaji

Katika hili nakuunga mkono moja kwa moja. Kipimo cha malipo ni sakafu iliyofunikwa. Ukimlipa kwa maboksi, kila boksi analokuongezea linaongeza na ujira wake, na hapo huwezi tena kuuamini ushauri wake kuhusu idadi ya vigae, hata pale anapokuwa na haki kama alivyokuwa nayo safari hii.

Mwiko_wa_Meno

Mimi pia natoza kwa sakafu, ila msifanye kana kwamba mwenzangu hana hoja. Kigae kizima nakibandika haraka. Kipande kinapimwa, kinakatwa, kinajaribiwa, pengine kinakatwa tena. Chumba kidogo chenye vipande vingi kinanichosha kuliko ukumbi mkubwa, na bei ya mita ya mraba ni ileile. Wapo wanaofidia kwa kuhesabu maboksi, wapo wanaopandisha bei ya mita. Mimi naona bora apandishe bei ya mita waziwazi, ili mjue mnachobishania.

Na skatingi isiingizwe kwenye mita za mraba. Kuta zako ukitoa mlango wa sentimita 90 ni mita 16.5 za urefu. Kwa kimo cha sentimita 10, hiyo ni mita za mraba 1.65 tu, na hakuna fundi atakayekata vipande 28 kwa malipo ya mita moja na nusu. Ilipwe kwa mita ya urefu. Kizingiti, kujaza lile bonde, na diski za grinda zinatoka kwa nani, vyote viandikwe kabla ya kazi kuanza.

Kipimo_Sawa

Kupandisha bei baada ya kupima chumba nako ni mlango wa kupunja. Bei ya mita ikishakubaliwa, vipande ni sehemu ya kazi. Aliviona alipokuja kupima.

Mwiko_wa_Meno

Kama alikubali bei baada ya kupima, sawa. Kama alitajiwa ukubwa kwa simu, hapana.

Mama_Sebule

Na vikivunjika mkononi mwa fundi analipa nani? Hilo ndilo lililotugombanisha sisi, na hadi leo sijapata jibu linaloniridhisha.

Mjenzi_Mpya

Bei tulikubaliana kwa simu, kabla hajaona chumba, kwa hiyo nitamwongezea kidogo kwa mita lakini hesabu itakuwa ya sakafu. Suala la vitakavyovunjika nitamuuliza. Nimependa njia ya tatu. Je, kwa vigae 56, hivi vinne vinavyobaki vinatosha kwa skatingi, kizingiti na akiba?

Mkadiriaji

Havitoshi. Yale masalio 16, ukitoa saba ya ukanda wa sofa, yanabaki tisa, na kila moja linatoa vipande viwili vya skatingi vya sentimita 10. Hiyo ni 18. Masalio saba yaliyokatwa ukanda yanabakiza sentimita 12 au 13, kila moja linatoa kimoja zaidi, jumla 25. Vinavyotakiwa ni 28, na kizingiti bado. Kigae kimoja kizima kitamaliza skatingi na kizingiti. Vipande vyenye ukingo wa kiwandani juu viwekwe kwenye kuta za wazi, vile vyenye mkato pande zote visuguliwe vikae nyuma ya sofa na makabati.

Hapo unabaki na vigae vitatu kwa vitakavyovunjika na kwa akiba ya miaka ijayo. Kwa chumba cha poselini ngumu ni vichache. Ongeza boksi moja, liwe la 16, na ulinunue kabla fundi hajaanza. Kwenye ubavu wa boksi zimechapwa namba ya toni ya rangi na namba ya kipimo halisi cha kigae. Zote mbili zilingane na zile za maboksi uliyonayo. Toni ikitofautiana utaona kivuli sakafuni, na kipimo kikitofautiana hata kwa milimita moja, mifereji itaanza kupishana kabla hujafika katikati ya chumba.

Mjenzi_Mpya

Nimeangalia sasa hivi. Maboksi 13 yana toni moja, na mawili yana nyingine. Kipimo ni kilekile kwa yote.

Mwiko_wa_Meno

Yarudishe hayo mawili dukani kabla hujafungua hata moja, ubadilishiwe kwa toni ya yale 13, na uombe la tatu hapohapo. Wakikosa kabisa toni hiyo, vigae 52 vya toni moja vinatosha eneo lote linaloonekana, na hivyo vinane vya toni ya pili viende kwenye safu ya mwisho chini ya sofa, skatingi na kizingiti. Ila vipange kwanza vikavu juani, vya toni zote mbili ubavu kwa ubavu, usimame mbali kidogo uvitazame, kwa sababu tofauti nyingine ni ya namba tu na nyingine inaonekana hata gizani.